Kazi ya Anayesubiri Gunia

Wanangu, sogeeni niwasimulie mbio za magunia za watoto wa darasa la tano katika shule moja ya msingi kule Korogwe, mkoani Tanga. Timu zilikuwa nne. Kila timu ilikuwa na watoto wanne na gunia moja tu. Mtoto anaingia ndani ya gunia, anaruka mita 15 hadi kwenye kijiti, anakizunguka, anarudi, anavua gunia na kumpa mwenzake. Timu itakayotangulia kumaliza wote wanne ndiyo mshindi.

Timu mojawapo ilikuwa na mvulana anayeruka kama panzi. Filimbi ilipolia, alikizunguka kijiti na kuanza kurudi huku wengine bado wanakwenda. Alifika mstarini wa kwanza, uwanja mzima ukimshangilia. Lakini mbio zilipokwisha, timu yake ilikuwa ya tatu.

Mnajua walipopoteza ushindi? Pale pale mstarini. Mvulana alipofika alichomoa mguu wa kulia, wa kushoto ukanasa kwenye pembe ya gunia, akaanguka kwa makalio. Wenzake watatu walikuwa wanarukaruka na kupiga kelele, "Harakisha! Harakisha!" Hakuna hata mmoja aliyeinama kulishika lile gunia. Alipolivua, lilikuwa limegeuka ndani nje. Aliyelipokea akaanza kulitafuta mdomo, akaingiza mguu mmoja, akayumba, akaanza upya.

Hebu tufanye hesabu. Tuseme kupokezana namna hiyo kunakula sekunde 12, na timu nyingine inapokezana kwa sekunde 5. Tofauti ni sekunde 7. Watoto wakiwa wanne, gunia linapokezwa mara tatu, kwa hiyo timu ya kelele inapoteza sekunde 21. Hakuna mrukaji, hata awe hodari namna gani, atakayezirudisha sekunde 21 katika mita 30 za kwenda na kurudi.

Timu iliyoshinda haikuwa na mrukaji wa kutisha. Ilikuwa na watu wanaojua la kufanya wakati wa kusubiri. Mrukaji alipokaribia, wawili walitangulia kusimama pembeni mwa njia yake, mmoja kulia na mmoja kushoto. Alipovuka mstari aliachia mdomo wa gunia, nao wakaushusha hadi chini, ukabaki duara wazi kuzunguka miguu yake. Akawashika mabega, akachomoa mguu mmoja, kisha wa pili. Gunia halikuinuliwa wala kugeuzwa. Anayefuata akaingia humo humo, naye akiwashika mabega, na wale wawili wakalipandisha hadi kiunoni mwake. Akaondoka.

Ukitaka kuwafundisha wenzako mchezo huu, anza na sehemu hiyo kabla ya kumruhusu yeyote kushindana. Waambie wapokezane wakiwa wamesimama tu, bila kuruka, tena polepole. Utaona wenyewe wanaanza kupangana: huyu mfupi ashike upande gani, yule mzito aegemee bega la nani, nani aseme "tayari". Timu iliyoiva utaitambua kwa masikio, maana kelele zake zinapungua na anabaki mtu mmoja anayetoa ishara.

Sasa kuruka kwenyewe. Wengi wanadhani siri ni kuruka mbali. Ukiruka mbali, miguu inatangulia, kiwiliwili kinabaki nyuma, unaanguka. Ruka hatua fupi, kiasi cha urefu wa nyayo zako mbili, na uziruke mfululizo kwa mwendo mmoja. Tua kwa sehemu ya mbele ya nyayo, magoti yakiwa yamekunjwa kidogo. Goti lililonyooka ndilo linalopokea kishindo chote, nawe utalisikia jioni. Mikono ikaze mdomo wa gunia usawa wa kiuno, macho yatazame mbele, si miguuni. Wapo wanaosukuma vidole vya miguu kwenye pembe mbili za chini na kwenda kwa vihatua vya harakaharaka badala ya kuruka. Inaruhusiwa, na kwa baadhi ya watu ndiyo njia ya kasi zaidi.

Maanguko mengi huletwa na gunia lisilomfaa mtu. Likiwa refu, kitambaa kinajikunja chini ya nyayo na unakikanyaga. Likunje mdomoni hadi likuishie kiunoni. Likiwa fupi, kila ukiruka linakuvuta magoti. Hilo halina dawa, tafuta jingine. La katani linashika ardhi vizuri ila linakwaruza ngozi, basi vaa suruali au soksi ndefu. Salfeti, yale magunia ya plastiki yaliyofumwa, ni laini na mepesi, lakini juu ya saruji yanateleza vibaya. Kwa hiyo chezeeni kwenye nyasi au mchanga, na kwanza mpite mstari mzima mkiokota mawe, vigae na chupa. Na gunia lililowahi kubeba mbolea au dawa ya shamba lisiguswe kabisa, hata likifuliwa mara ngapi.

   

Jambo moja zaidi kuhusu kuanguka, kwani lina hatari yake. Aliyemo ndani ya gunia mikono yake ina kazi, na kwa hofu huzidi kung'ang'ania. Akianguka hivyo, atapokea ardhi kwa kidevu. Kila mtoto afundishwe kuachia gunia mara tu anapohisi anapinduka, atangulize viganja na kujiviringisha kwa bega. Wajaribu kwenye mchanga wakianzia kwenye magoti. Watacheka sana, lakini siku ya mashindano mikono itaachia yenyewe.

Mruko wa gunia unaikaza mifupa na misuli ya miguu, na mapafu yanafanya kazi kwelikweli. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate kwa wastani angalau dakika 60 za kuushughulisha mwili kwa siku, na walau siku tatu kwa wiki ziwemo shughuli za kukaza mifupa na misuli. Lakini tazameni: katika timu ya wanne, mmoja anaruka, wawili wanajiandaa kushika gunia, wa nne anasubiri tu zamu yake. Na darasa zima likiwa na magunia manne tu, wengi watakuwa wamesimama. Aliyesimama bila kazi huanza utundu. Hapo ndipo ninapoleta mdako.

Mdako mnaujua, au bibi zenu wanaujua. Chimba kishimo kifupi chenye upana wa kiganja kilichofunguka, kina cha vidole viwili. Weka ndani vijiwe 12 laini, kila kimoja ukubwa wa punje ya harage, na utafute kimoja kikubwa zaidi cha kurushia. Unarusha kile kikubwa juu, unachota vijiwe vyote nje ya shimo kwa mkono ule ule, unakidaka kikubwa kabla hakijaanguka. Unarusha tena, unarudisha vyote shimoni isipokuwa kimoja. Hicho ni chako, weka kando. Unaendelea hivyo hadi vijiwe viishe shimoni. Hatua ya pili unabakiza viwiliviwili, ya tatu vitatuvitatu. Ukikosa kudaka, au ukibakiza idadi isiyo sahihi, unampisha mwenzako.

Anayeanza hurusha juu sana akidhani anajipatia muda. Kijiwe kilichopanda mita moja hurudi mkononi baada ya karibu sekunde 0.9. Ukitaka muda huo uwe maradufu, lazima ukirushe mita nne, na hakuna anayerusha mita nne kijiwe kikashuka pale pale mkononi. Kwa hiyo rusha usawa wa paji la uso wako, kinyoofu, na uharakishe mkono. Macho yawe juu, yakifuata kijiwe. Shimo lilikwisha kutazamwa kabla ya kurusha, na mkono unalikumbuka. Ukimwona mtoto anatazama shimoni huku kijiwe kiko hewani, jua atakikosa.

Mdako wa kawaida ni wa mtu mmojammoja, na haukimbizi moyo hata kidogo. Unafundisha jicho na mkono, na unampumzisha aliyetoka kuruka. Lakini kwa kundi letu mimi huwachezesha wawili wawili, wakikaa pande mbili za shimo: mmoja anarusha na kudaka, mwingine anachota. Hapa kila kitu kinabadilika. Mrushaji hawezi tena kurusha anapojisikia, maana mwenzake hayuko tayari. Mchotaji hawezi kuchelewesha kiganja juu ya shimo, maana kinamzuia mwenzake kudaka. Mwanzoni wanagongana mikono na kulaumiana. Baada ya muda mrushaji anaanza kuhesabu, "Moja, mbili, hop," na mchotaji anachota kwenye hilo "hop". Baadaye wanaacha hata kuhesabu, mchotaji akitazama bega la mrushaji linavyoshuka kabla ya kurusha.

Mdako hauna refa. Waliokaa kuzunguka shimo, wakisubiri zamu, ndio wanaoamua kama kijiwe kilidakwa au kama viwili vilibaki badala ya kimoja. Kawaida anayeaminiwa ni aliyeketi mkabala na mchezaji, kwa sababu ndiye aonaye shimo vizuri. Wakibishana, mrusho unarudiwa, mchezo unaendelea.

Ndiyo maana pia masharti hukubaliwa kabla. Nimewapa vijiwe 12 kwa makusudi: vinagawanyika kwa mbili, tatu, nne na sita bila kubaki kitu. Lakini hatua ya tano, mkibakiza vitanovitano, mtachukua vitano, kisha vitano, na shimoni vitasalia viwili. Wapo wanaosema viwili hivyo vichukuliwe kwa mrusho mmoja, wengine husema ni lazima vitolewe kimoja kimoja. Nyinyi mtaamua ipi? Semezaneni sasa hivi, kabla hamjaketi, kisha wawili wa kwanza waje shimoni.