Barua Pepe Inayosindikiza Ombi la Ruzuku

Mtu wa kwanza kufungua ombi la ruzuku kwa kawaida si yule anayeamua nani apewe fedha. Ni ofisa wa programu au msaidizi wake, na kazi yake ya mwanzo ni ya kuorodhesha: anajaza kwenye jedwali jina la mwombaji, namba ya wito, kiasi kinachoombwa, muda wa mradi na eneo, kisha anaweka alama mbele ya kila hati iliyotakiwa. Ombi lenye hati pungufu mara nyingi huishia hapo, hata ukurasa mmoja wa andiko haujasomwa.

Barua pepe ya kusindikiza huandikwa kwa ajili ya mtu huyu. Haina haja ya kusimulia historia ya kikundi wala kumbembeleza mfadhili, maana andiko la mradi lipo kwa kazi hiyo. Inatakiwa imwezeshe kujaza jedwali lake bila kufungua faili lolote, na akifungua faili akute kile kile alichoambiwa. Sehemu hii ya pili ndiyo ngumu, na ndipo vikundi vingi vyenye miradi mizuri hujikwaa.

Tuchukue mfano wa kubuni: wakulima wa mwani 85, wote wanawake, katika kijiji cha pwani ya mashariki ya Unguja. Mwani wao unaanikwa mchangani. Unashika mchanga, mvua ikinyesha unaharibika, na mnunuzi anashusha bei. Wanaomba fedha za vichanja vya kukaushia na ghala dogo. Gharama yote ya mradi ni shilingi 60,000,000. Wanaomba 48,000,000, na wao wanachangia 12,000,000: taslimu 3,000,000, na zilizobaki ni thamani ya nguvukazi, mawe na kokoto.

Mwongozo wa mfadhili unasema mchango wa mwombaji usipungue asilimia 20 ya gharama yote. Hapa panahitaji utulivu, kwa sababu wengi hukokotoa asilimia hiyo kutoka kwenye kiasi wanachoomba. Asilimia 20 ya milioni 48 ni 9,600,000. Kikundi kikichangia hizo, gharama yote inakuwa 57,600,000, na mchango wake unashuka hadi chini kidogo ya asilimia 17. Sharti limevunjwa na hakuna aliyekusudia kulivunja. Njia salama ni kugawa mchango kwa gharama yote: milioni 12 kwa milioni 60 ni asilimia 20 kamili. Ndiyo maana namba za barua pepe hutolewa kwenye bajeti baada ya bajeti kufungwa, si kwenye kumbukumbu ya kikao.

Sasa barua pepe yenyewe. Kwenye sehemu ya mada iandikwe namba ya wito, jina la mwombaji na neno linaloeleza kilichomo. Chini yake:

"Ndugu Mratibu,

Tunawasilisha ombi la ruzuku kwa ajili ya mradi wa vichanja na ghala la mwani, kwa kujibu wito wenu uliotajwa hapo juu. Tunaomba shilingi 48,000,000 kati ya gharama yote ya shilingi 60,000,000. Kikundi kinachangia shilingi 12,000,000, sawa na asilimia 20. Kati ya hizo 3,000,000 ni taslimu. Mradi utachukua miezi 12 na wanufaika wa moja kwa moja ni wanawake 85.

Tumeambatisha hati nne: andiko la mradi (01), bajeti (02), cheti cha usajili pamoja na katiba (03), na taarifa ya fedha iliyokaguliwa (04). Mchanganuo wa mchango wetu uko kwenye karatasi ya pili ya bajeti.

Kwa ufafanuzi wowote, tafadhali wasilianeni na katibu wa kikundi kwa simu na anwani zilizo hapa chini. Tutashukuru mkituthibitishia kwamba hati zote nne zimefika na zinafunguka.

Wenu,
Katibu, kwa niaba ya kikundi"

Inatosha. Tazama kwamba wanufaika wametajwa kwa namba moja tu. Kila mwanamke ana familia, na kishawishi cha kuwajumlisha watoto na wazee wa nyumbani ni kikubwa, lakini hao ni wanufaika wasio wa moja kwa moja na wana mahali pao ndani ya andiko. Wakichanganywa kwenye barua pepe, ofisa ataona watu mia nne huku na 85 kule, na ataanza kushuku hata namba zilizo sahihi.

Majina ya mafaili nayo yafuate mpangilio wa barua: `01_Andiko_la_Mradi.pdf`, `02_Bajeti.xlsx`, na kuendelea. Jina kama `bajeti mpya mwisho2.xlsx` linamfanya mpokeaji ajiulize kama kuna nyingine ya mwisho zaidi. Bajeti ibaki katika Excel ikiwa mfadhili hakukataza, ili hesabu zionekane zilivyojumlishwa.

Kosa linalorudi kila mwaka ni la namba iliyosahaulika. Tuseme ombi la kikundi chetu lilianza likiwa milioni 52. Kikao kikapunguza gharama za mafunzo, mweka hazina akarekebisha bajeti, barua pepe ikaandikwa kwa kufuata bajeti mpya, lakini muhtasari kwenye ukurasa wa kwanza wa andiko ukabaki na 52,000,000. Mfadhili hawezi kujua ipi ni kweli, na hana wajibu wa kuwachagulia. Dawa yake ni kufungua andiko, kubonyeza `Ctrl+F`, na kutafuta kiasi cha zamani kwa namna zake zote: 52,000,000, kisha "milioni 52", kisha kwa maneno. Kisha mtu ambaye hakuandika chochote asome barua pepe kwa sauti huku mwenzake akishika kidole kwenye bajeti. Kazi hii haichukui muda mrefu, na sijaona njia bora zaidi.

Uzito wa viambatisho unastahili onyo lake. Faili likisafirishwa kwa barua pepe hunenepa kwa takriban theluthi moja, hivyo hati za megabaiti 9 zinaweza kukataliwa na seva yenye ukomo wa 10. Katiba iliyopigwa picha kwa simu ndiyo huwa nzito kuliko zote. Ichanganuliwe upya kwa ubora wa kawaida, rangi nyeusi na nyeupe. Kuweka hati kwenye Google Drive na kutuma kiungo kunafaa tu pale mfadhili anaporuhusu, na kiungo kijaribiwe kwa simu ya mtu ambaye hayumo kwenye akaunti yenu. Ofisa akikuta anatakiwa kuomba ruhusa ya kufungua, kwenye jedwali lake hati hiyo haipo.

Kuhusu muda wa mwisho, saa 5:00 pm ni saa 11 jioni, si saa 5 usiku. Mfadhili wa Brussels au Berlin akitaja saa za kwao, sisi tuko mbele kwa saa mbili wakati wa baridi yao na saa moja wakati wa kiangazi. Tumeni siku mbili kabla. Mkigundua kosa mkiwa bado ndani ya muda, msitume ukurasa mmoja uliorekebishwa. Tumeni hati zote nne upya, na sentensi ya kwanza iseme kwamba ombi hili linachukua nafasi ya lile lililotumwa tarehe fulani, kisha itaje kilichobadilika.