Kigae Kimoja kwa Chumba Kizima

Chumba kina urefu wa sentimita 588 na upana wa sentimita 462. Fundi anataka kukijaza vigae vya mraba vilivyo vikubwa iwezekanavyo, bila kukata hata kimoja. Tukiweka kando upenyo wa saruji kati ya vigae, anachotafuta ni kigawo kikubwa cha shirika, KKS ya darasani, cha namba hizo mbili.

Njia aliyoiandika Euklidi yapata mwaka 300 kabla ya Kristo ni ya kugawanya na kufuata baki. 588 kwa 462 hubakiza 126. 462 kwa 126 hubakiza 84. 126 kwa 84 hubakiza 42. 84 kwa 42 haibakizi kitu, basi kigawo aliyegawanya mwisho, 42, ndiye jibu.

Sasa jibu lipimwe. 588 gawanya kwa 42 ni 14 kamili; 462 gawanya kwa 42 ni 11 kamili.

Ni lazima kupima namba zote mbili. Mwanafunzi aliyesimama hatua moja mapema angeandika 84. Akipima 588 peke yake anapata 7 bila baki, na anafunga daftari akiwa na furaha. Angeijaribu 462 angepata 5, na baki ya 42, ambayo ndiyo namba aliyokuwa hajaifikia.

Lakini kuna kosa ambalo kipimo hiki hakilioni, na ndilo la kuogopwa zaidi. Tuseme mtu amekosea kutoa, akaandika baki ya 74 mahali pa 84. Anaendelea kwa uangalifu: 52, 22, 8, 6, kisha 2. Anapima: 588 inagawanyika kwa 2, na 462 pia. Kila kitu kinaonekana sawa, kumbe kigae cha sentimita 2 ni kidogo mno. Kugawanyika bila baki kunathibitisha kwamba namba ni kigawo cha zote mbili. Hakuthibitishi kwamba hakuna kingine kikubwa zaidi.

Dawa imo katika majibu ya kugawanya yenyewe. Kwa 2 yanatoka 294 na 231. Je, hizi nazo zina kigawo cha pamoja? Jumla ya tarakimu za 294 ni 15, za 231 ni 6, kwa hiyo zote zinagawanyika kwa 3: zinabaki 98 na 77. Hizo nazo zinagawanyika kwa 7, zinabaki 14 na 11. Hapo hakuna tena kinachozigawanya zote ila 1, kwa kuwa 11 ni namba tasa na haiigawanyi 14. Vigawo hivyo vyote vikizidishwa, 2 mara 3 mara 7, ni 42, na fundi anaweza kuagiza vigae 154: safu 11 zenye vigae 14 kila moja.