Mita 2000: Sekunde Haziwekwi Akiba

Swali ni lile lile kila msimu wa majaribio unapofika: "Kocha, robo ya kwanza nivute kwa nguvu kiasi gani ili niweke akiba ya sekunde?" Anayeuliza keshaamua kwamba akiba hiyo ipo. Kwa maoni yake mwishoni atachoka tu, basi heri achume sekunde mapema angali na nguvu. Nimelijibu swali hili mpaka nimechoka, kwa hiyo leo nalijibu kwa hesabu.

Tumchukue mtu mwenye uwezo wa kumaliza mita 2000 kwenye mashine ya makasia kwa dakika 8 kamili, yaani 2:00 kwa kila mita 500. Kasi hiyo inamtaka azalishe wati 203 hivi. Sasa anaamua kuvuta robo ya kwanza kwa 1:52. Sekunde 8 kati ya 120 zinaonekana kidogo, lakini 1:52 inadai wati 249. Gurudumu la mashine hii linapambana na upepo, na nguvu inayotakiwa hupanda kwa kipeo cha tatu cha kasi. Ndiyo maana ameongeza kasi kwa asilimia 7 tu, na nguvu ikapanda kwa asilimia 23. Baadaye akichoka na kushuka hadi 2:08, atapoteza sekunde 8 zile zile, ila nafuu atakayopata ni wati 36. Alizipata kwa wati 46 za ziada. Anazitoa kwa 36. Hiyo ni akiba gani?

Hesabu hiyo peke yake ingemgharimu sekunde chache. Pigo kubwa linatoka mwilini. Mapafu na moyo huhitaji dakika moja au zaidi kufikisha oksijeni kwa kiwango kinachotakiwa, naye ameanza na wati 249 kabla havijawa tayari. Pengo linazibwa na nishati isiyotumia oksijeni, ambayo ni chache, na inapotumika kwa wingi huiacha misuli na tindikali. Kwa hiyo robo ya pili anaishikilia 2:00 kwa kujilazimisha, ya tatu inaporomoka hadi 2:08, na ya mwisho anajikakamua kwa 2:04. Jumla: 8:04. Mwenye uwezo wa dakika 8 amejipotezea sekunde 4, na maumivu ameyapata mara mbili.

Imani hii haifi kwa sababu mbili. Ya kwanza, sekunde kama 10 za mwanzo ni rahisi kweli. Misuli ina hazina ndogo ya nishati ya papo hapo, kwa hiyo mivuto mitano au sita ya kwanza inaweza kusoma 1:45 bila kukudai kitu kikubwa baadaye. Kosa ni kudhani kwamba wepesi huo utafika mita 500. Sababu ya pili ni mbio za majini za Olimpiki, ambako timu nyingi hutoka kwa kasi. Huko mpiga kasia ameketi akitazama nyuma, na anayeongoza ndiye anayewaona wapinzani wake wote na kujua lini wanajaribu kumfikia. Ukumbini hakuna wa kumtazama. Una kioo cha mashine tu mbele yako.

Basi fanya hivi. Chagua lengo kutokana na mazoezi: kwa wengi, wastani wa vipande 8 vya mita 500, kwa mapumziko ya dakika 3 na nusu, hukaribia kasi ya mita 2000. Mtu wetu apange 2:00, 2:01, 2:01, 1:58. Mivuto ya mwanzo iwe ya nguvu, kisha ndani ya mita 150 au 200 za kwanza ateremke hadi kasi yake, hata kama anajiona ni mvivu. Robo ya pili asiguse kitu. Ya tatu ndiyo ngumu kuliko zote, kwani uchovu umefika na mwisho bado uko mbali. Hapo asukume kwa miguu na asikimbize idadi ya mivuto. Zikibaki mita 300 aongeze mivuto miwili au mitatu kwa dakika. Wenzangu wa kuweka kirekebisha upepo kwenye 10, acheni: kioo hupima nguvu yako popote kirekebisha kilipo, na 10 huichosha tu migongo yenu.

Ukimaliza, soma robo zako. Ya tatu ikiwa imezidi lengo kwa zaidi ya sekunde 3, lengo lilikuwa juu ya uwezo wako au ulianza kwa pupa. Robo ya kwanza itakuambia ni lipi kati ya hayo. Ya mwisho ikiwa imeishinda ya tatu kwa sekunde 5 au zaidi, ulibakiza nguvu: safari ijayo shusha lengo kwa sekunde 1 kwa kila mita 500, si kwa 8.