Umri wako haumo kwenye fomula: Kwa nini asilimia ya mafuta ya kijana haipimwi kama ya mtu mzima

Chukua mfano wa kijana tumwite Brayo. Ana miaka 12, anacheza winga kwenye timu ya mtaa kule Umoja. Mwezi Januari kocha alimbana ngozi kwa kalipa, akaingiza namba kwenye apu ya simu, ikasema mafuta mwilini ni asilimia 14. Mwezi Agosti akaja kocha msaidizi, naye akabana, akapiga hesabu yake kwenye daftari, akapata karibu asilimia 18.

Wenzake wakacheka, wakamwambia amenona. Brayo akaanza kuacha chakula cha usiku. Mama yake akamuuliza, "Kwani ugali umekukosea nini?"

Sasa sikiza jambo ambalo hakuna aliyemwambia. Vipimo vyake vya ngozi vya Agosti vilikuwa vilevile vya Januari, milimita kwa milimita. Hakunona hata kidogo. Kilichobadilika ni fomula tu. Kocha wa kwanza alitumia ya watu wazima, wa pili akatumia ya watoto.

Kama wewe ni tineja unayepimwa shuleni au jimu, au una mdogo wako anayepimwa, hii hadithi inakuhusu. Tuifungue polepole.

Kalipa haipimi mafuta

Kalipa ni kile kifaa kama koleo chenye saa ya kusomea. Kinachopima ni unene wa mkunjo wa ngozi pamoja na mafuta yaliyo chini yake, basi. Hakijui mafuta yaliyo ndani ya tumbo wala uzito wa mifupa yako. Asilimia unayopewa inatoka kwa hesabu inayofanywa baada ya kubana.

Fomula nyingi za watu wazima zina hatua mbili. Hatua ya kwanza inageuza milimita kuwa densiti, yaani mwili wako una gramu ngapi katika kila sentimita moja ya ujazo. Hatua ya pili inageuza densiti kuwa asilimia ya mafuta.

Apu ya kocha wa Januari ilitumia fomula ya Durnin na Womersley, waliopima watu kule Glasgow na kuchapisha kazi yao mwaka wa 1974. Unabana sehemu nne: mbele ya mkono wa juu, nyuma ya mkono huohuo, chini ya bapa la bega na juu kidogo ya mfupa wa nyonga. Brayo alipata milimita 6, 11, 7 na 9. Jumla ni 33. Kwa wanaume, kundi la chini kabisa kwenye fomula hiyo ni la miaka 17 hadi 19, na hesabu yake ni hii:

```
densiti = 1.1620 - 0.0630 × log10(33) = 1.0663
mafuta  = 495 / 1.0663 - 450 = 14.2
```

Huo mstari wa pili ni wa mwanasayansi William Siri, wa mwaka wa 1961. Umeuona umri wa Brayo popote hapo? Haumo. Apu haikumkataa mtoto wa miaka 12, ilimchukulia tu kama jamaa wa miaka 17 na kuendelea.

Mwili wa mtoto una maji zaidi na mifupa miepesi

Mstari wa Siri unasimama juu ya mambo mawili. Mafuta yana densiti ya 0.900. Kila kitu kingine mwilini, yaani misuli, mifupa, maji na viungo vya ndani, kikiwekwa pamoja kina densiti ya 1.100. Ukijua densiti ya mwili mzima, unaweza kukisia mafuta ni kiasi gani.

Kwa mtu mzima wa kawaida, hiyo 1.100 inakaribia ukweli. Kwa mtoto, hapana. Sehemu yake isiyo mafuta ina maji mengi zaidi: kwa mtu mzima maji ni takriban asilimia 73 ya sehemu hiyo, kwa mtoto wa shule ya msingi ni kati ya 75 na 77. Mifupa yake pia bado haijajaza madini. Kwa hivyo densiti ya sehemu hiyo iko chini, karibu 1.084 kwa mvulana wa miaka 7 hadi 12.

Tofauti hiyo unaweza kuiona ndogo, lakini angalia inavyouma. Tuseme mvulana wa miaka 10 amepimwa kwa kuzamishwa majini na densiti yake halisi ni 1.055. Mstari wa Siri utasema ana mafuta asilimia 19.2. Mstari uliorekebishwa kwa umri wake, ambao ni 530 gawanya kwa densiti kisha utoe 489, utasema 13.4. Ni mtoto yuleyule na densiti ileile, lakini maji yake na mifupa yake michanga vimehesabiwa kama mafuta.

Hapo utauliza: kama Siri humwongezea mtoto mafuta, mbona Brayo alipewa asilimia ndogo Januari, si kubwa?

Swali poa. Jibu liko kwenye hatua ya kwanza. Fomula ya Glasgow ilipoona milimita 33, ilidhani chini ya ngozi hiyo kuna mifupa mizito ya kijana aliyekomaa, ikampa Brayo densiti ya juu kuliko anayostahili. Densiti ya juu hushusha mafuta. Kisha Siri akayapandisha. Makosa mawili yanavutana huku na huku, na hakuna anayejua lipi litashinda kwa mtoto gani. Ndiyo maana huwezi kuchukua jibu la fomula ya watu wazima ukaongeza au ukapunguza kidogo ili limfae mtoto.

Wala usijaribu kuchanganya nusu kwa nusu. Ukichukua densiti ya Brayo ya 1.0663 kutoka Glasgow ukaitia kwenye mstari wa watoto, unapata asilimia 8. Kijana mmoja, ngozi moja, majibu matatu.

Fomula ya watoto inavyofanya kazi

Kocha wa Agosti alitumia fomula ya Slaughter na wenzake, iliyochapishwa Marekani mwaka wa 1988. Watafiti hao hawakutegemea densiti pekee. Walipima pia maji ya mwili na madini ya mifupa, kisha wakatengeneza hesabu inayotoka kwenye milimita moja kwa moja hadi asilimia. Unabana sehemu mbili tu, nyuma ya mkono wa juu na upande wa ndani wa shavu la mguu:

```
wavulana:  0.735 × jumla + 1.0
wasichana: 0.610 × jumla + 5.1
```

Nyuma ya mkono Brayo ana 11, mguuni 12. Jumla ni 23, kwa hivyo jibu ni 17.9. Msichana mwenye jumla hiyohiyo angepata 19.1.

Kuna toleo lingine la haohao, linalotumia nyuma ya mkono na chini ya bapa la bega, na hapa ndipo kubalehe kunapoingia. Kwa wavulana ambao jumla yao haizidi milimita 35, mwisho wa hesabu unatoa namba fulani, na namba hiyo inategemea hatua ya ukuaji. Kwa wavulana weupe wa Marekani unatoa 1.7 kabla ya kubalehe, 3.4 wakati wa kubalehe, na 5.5 baadaye. Kwa wavulana weusi wa huko ni 3.2, 5.2 na 6.8. Kadiri mifupa inavyokomaa, milimita zilezile zinamaanisha mafuta machache zaidi.

Kumbuka ni hatua ya kubalehe, si tarehe ya kuzaliwa. Vijana wawili wa miaka 13 darasa moja, mmoja sauti imekatika na ndevu zinachungulia, mwingine bado, hawafai kutumia namba moja.

Je, kijana wa Nairobi achukue namba za weusi wa Marekani? Zichukue kwa tahadhari. Zilitengenezwa kwa watoto wa huko, na rangi ya ngozi haikuambii mtoto wa hapa amekula nini wala amekua vipi. Toleo la mkono na mguu halikuulizi rangi wala hatua ya kubalehe, ndiyo maana makocha wengi hulipendelea. Lakini nalo lilitoka kwa watoto wa Marekani.

Unapobanwa, angalia haya

Mkono uning'inie umelegea. Alama huwekwa nyuma ya mkono, katikati kabisa kati ya ncha ya bega na ncha ya kiwiko. Kwa mguu, unakaa, goti limekunjwa pembe mraba, nyayo chini, na unabanwa pale shavu lilipo nene zaidi. Mpimaji anavuta mkunjo kwa vidole, anaweka kalipa sentimita moja chini ya vidole, anasubiri kama sekunde mbili, kisha anasoma bila kuachia mkunjo. Anarudia mara mbili au tatu. Akipata 11, halafu 15, ujue amehama mahali au ameshika misuli, na lazima aanze upya. Akikubana juu ya jezi, ondoka tu.

Hata akifanya kila kitu sawa, fomula ya watoto inaweza kukosea kwa pointi 3 au 4 juu au chini. Kwa hivyo 17.9 ya Brayo isomwe "mahali fulani kati ya 14 na 22". Hiyo si namba ya kumfanya mtoto alale njaa.

Kama mtu anataka kujua kijana anabadilika vipi kwa miezi, njia safi zaidi ni kuandika milimita zenyewe: sehemu zilezile, kalipa ileile, mpimaji yuleyule. Milimita hazibadiliki kwa sababu mtu amepakua apu mpya. Daftari la Brayo lingeonyesha 11 na 12 mwezi Januari, 11 na 12 mwezi Agosti, na hakuna ambaye angecheka.

Na ukipewa asilimia, uliza maswali mawili kabla hujaiweka moyoni: ni fomula gani hiyo, na ilitengenezewa watu wa umri gani? Kama aliyekupima hana jibu, namba hiyo si yako. Rudi nyumbani ule ugali.