Kisasili cha Chumvi ya Bahari: Namna ya Kukitungia Jamii ya Kubuni

Makala haya yanahusu swali moja la utungaji: mwandishi aliyebuni jamii isiyokuwapo ataitungiaje kisasili cha kueleza chumvi ya bahari, kikaonekana kuwa ni mali ya jamii hiyo, wala si pambo la kubandikwa?

Kisasili cha aina hii hakina budi kujibu maswali matatu. Chumvi ilitoka wapi? Mbona mito ni matamu, ilhali huishia baharini? Na mbona maji ya mito hayajaizimua bahari? Watungaji wengi hulijibu la kwanza tu. Husema kwamba mungu fulani alilia; lakini machozi ya siku moja yangalikwisha kuzimuliwa zamani. Ngano ya Norwe iliyokusanywa na Asbjørnsen na Moe katika karne ya 19 haina kasoro hiyo. Nahodha alikiamuru kinu cha ajabu kisage chumvi, asijue kukisimamisha; chombo kikazama, na kinu kingali kinasaga huko chini. Sababu ni ya kale, lakini kazi yake haijakoma.

Sasa tuwabuni Wasiruma, wakaao mahali mto uingiapo baharini. Tusianze na bahari, bali na desturi zao. Wao huchoma matete, huchuja majivu yake kwa maji, kisha huyachemsha maji hayo mpaka ibaki chumvi. Kwa kuwa chumvi yao ni ya jasho, kila aendaye kuhani huchukua chembe zake na kumwachia mfiwa. Naye mfiwa ni mwiko kuirudisha. Kutokana na hayo kisasili chazaliwa:

Hapo kale maji yote yalikuwa matamu. Bahari akafiwa na mwanawe wa pekee. Mito, ndugu zake, wakaja kuhani, kila mmoja na chembe ya chumvi iliyofichwa kiganjani. Walipoaga, walipanda mbinguni mikono mitupu, wakarudi milimani kama mvua. Lakini Bahari hajaondoa matanga. Kwa hiyo mito huja hata leo.

Maswali yote matatu yamejibiwa: chumvi ni rambirambi, mto hubeba chembe isiyoonjeka, na bahari hupokea asirudishe. Yapatana pia na elimu ya sayansi, kwani mito huchukua chumvi kidogo kutoka katika miamba, maji hupaa kuwa mvuke, na chumvi husalia. Hata hivyo, upatanifu huo si kipimo cha kisasili. Kipimo ni hiki: tukiiondoa desturi ya kuhani, je, kisa chasimama? Kikisimama, basi kingeweza kuwa cha jamii yoyote, nacho si cha Wasiruma.

Tahadhari moja yabaki. Kisasili cha kubuni kisihifadhiwe pamoja na masimulizi yaliyokusanywa kwa wazee pasipo kutajwa kuwa ni cha kubuni. Mtafiti wa kesho, akikikuta huko, atawahesabia watu halisi imani wasiyopata kuwa nayo.