Seva Ndogo na Saa Nane za Usiku: Masasisho ya Usalama Yanayojiendesha

Seva ya idara ya lugha kama yetu hapa Rusizi ni kompyuta moja tu, isiyo na skrini wala kibodi, iliyowekwa pembeni mwa ofisi. Ndani yake mna Moodle, na ndani ya Moodle mna mazoezi ya ngeli, maksi za muhula na sauti za wanafunzi zilizorekodiwa katika mitihani ya kuzungumza. Haina fundi wake wa kudumu. Kwa sababu hiyo wenzetu kadhaa wametuuliza: je, iachwe ijisasishe yenyewe? Na ikijisasisha, izimwe na kuwashwa upya lini? Tutaeleza hapa kwa seva ya Ubuntu, ambayo ndiyo tunayoitumia. Wasomaji watatusamehe tukikaa zaidi kwenye jambo moja, nalo ni saa, kwa kuwa hapo ndipo mwalimu wa Kiswahili ana la kusema.

Tuanze na faida. Jumatatu tarehe 1 Julai 2024, watafiti wa kampuni ya Qualys walitangaza kasoro katika OpenSSH, yaani programu ambayo ni mlango wa fundi kuingia kwenye seva akiwa mbali. Kasoro hiyo ilihusu pia matoleo ya OpenSSH yaliyomo katika Ubuntu 22.04 na 24.04. Siku hiyo hapa Rwanda ilikuwa sikukuu ya Uhuru, na ofisi zilifungwa. Kiraka cha Ubuntu kilitolewa siku ileile. Seva yenye programu ya `unattended-upgrades` ilikichukua na kukiweka pasipo mtu kuamka kitandani, na ile isiyo nayo ilibaki na mlango mbovu hadi mtu alipokumbuka. Kwa idara isiyo na fundi, huenda ikawa ni wiki, huenda ikawa ni muhula.

Hata hivyo, mfumo huu una hatari yake. Mfano unaojulikana ni wa kampuni ya Kimarekani ya Datadog. Tarehe 8 Machi 2023, kuanzia saa 06:00 kwa saa ya kimataifa, yaani UTC, makumi ya maelfu ya seva zake zilijisasisha. Programu ya kusimamia mtandao ilipowashwa upya ilifuta njia za mtandao ambazo haikuziweka yenyewe, na seva zikakatika. Ilichukua zaidi ya siku nzima kurejesha huduma. Kampuni hiyo ilikuwa imezigawa seva zake katika maeneo yasiyotegemeana, ili eneo moja likianguka mengine yasimame. Lakini zote zilifuata saa moja ya kujisasisha, basi zikaanguka pamoja. Seva yetu moja haina njia tata za mtandao kama zile, kwa hiyo mkasa wenyewe hautuhusu sana. Kinachotuhusu ni ile saa.

Kwa kawaida Ubuntu huweka masasisho kuanzia saa 06:00, kisha huongeza muda wa kubahatisha usiozidi dakika sitini, ili seva zote za dunia zisiombe kwa mara moja. Kwa Kiswahili 06:00 ni saa kumi na mbili asubuhi, wakati ambao chuo bado kimelala. Basi tatizo liko wapi? Liko katika swali la saa kumi na mbili ya nani. Ubuntu ya seva inaposimikwa, huwekwa katika saa ya UTC isipokuwa mtu akiibadilisha. Rwanda iko mbele ya UTC kwa saa mbili. Kwa hiyo 06:00 ya seva ni saa mbili kamili asubuhi hapa Rusizi, na muda ule wa kubahatisha huifikisha hadi saa tatu. Hicho ndicho kipindi cha kwanza darasani.

Tulilishuhudia hilo kwa macho. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza walikuwa katikati ya zoezi la upatanisho wa kisarufi, saa mbili na dakika arobaini, kurasa zao zikaganda. Ukatokea ujumbe kwamba hifadhidata haipatikani. Haikupita hata dakika moja, kila kitu kikarudi, lakini waliokuwa wakituma majibu wakati ule walilazimika kuyaandika tena. Katika kumbukumbu za seva palikuwa na sasisho la MySQL, ambayo ni programu ya hifadhidata, na programu hiyo ikisasishwa hujizima na kujiwasha. Ila saa iliyoandikwa ilikuwa 06:40. Wengi wakasema si hilo, kwa kuwa saa kumi na mbili hapakuwa na mtu darasani. Tofauti ya saa mbili kamili ndiyo iliyoonyesha kuwa seva ilikuwa ikiandika kwa UTC.

Dawa yake ni hatua mbili. Ya kwanza ni kuipa seva saa ya Kigali, kisha kuiwasha upya programu ya ratiba, `cron`, ili nayo iijue saa mpya:

```
sudo timedatectl set-timezone Africa/Kigali
sudo systemctl restart cron
```

Ya pili ni kuhamisha wakati wa masasisho. Andika `sudo systemctl edit apt-daily-upgrade.timer`, kisha weka mistari hii:

```
[Timer]
OnCalendar=
OnCalendar=*-*-* 03:00
RandomizedDelaySec=30m
```

Mstari wa `OnCalendar=` ulioachwa mtupu si kosa la uchapaji. Ndio unaofuta ratiba ya zamani. Ukiuacha, seva itafuata ratiba zote mbili. Seva inayozimwa jioni haitafaidika na mabadiliko haya, kwa sababu kazi iliyopitwa na wakati wake hufanywa pindi mashine inapowashwa, na hapo tumerudi palepale pa saa mbili asubuhi. Seva iachwe ikiwaka usiku.

Hapa walimu wenzetu watatambua mtego mwingine. Mashine huhesabu saa kuanzia usiku wa manane, nasi huhesabu kuanzia machweo na macheo. Mkuu wa idara akimwambia fundi kijana "saa nane usiku", fundi akaandika 08:00, seva itajizima saa mbili asubuhi. Sahihi ni 02:00. Kinyarwanda nacho huhesabu saa kama Kiswahili, kwa hiyo kubadili lugha hakuondoi tatizo. Tunashauri maagizo ya aina hii yaandikwe kwa tarakimu, kama yanavyosomeka kwenye skrini, na yasitolewe kwa mdomo.

Sasa tuje kwenye kuwasha upya. Mara nyingi sasisho huwa limekamilika diskini lakini halijaanza kazi. Ni kama kitini kipya kilichokwisha kuwekwa rafuni ilhali mwalimu aliye darasani bado anasoma kile cha zamani alichoingia nacho. Programu nyingi hujizima na kujiwasha zenyewe zikachukua kitini kipya, kama ilivyofanya OpenSSH Julai ile. Kiini cha mfumo, yaani ile sehemu inayosimamia programu nyingine zote, hakiwezi kufanya hivyo. Ni lazima mashine nzima iwashwe upya. Ubuntu huacha alama, faili liitwalo `/var/run/reboot-required`. Jirani yake, `/var/run/reboot-required.pkgs`, hutaja programu zinazosubiri. Amri ya `uptime` nayo huonyesha seva imewaka siku ngapi. Tumewahi kusikia watu wakijivunia siku mia tatu. Sisi tukiona idadi hiyo, tunasoma tu kwamba kiini ni cha mwaka jana.

Tena ipo sababu ya hapa kwetu. Umeme hukatika, na betri ya akiba haidumu. Kiini kilichowekwa Februari na kisichowahi kuwashwa kitajaribiwa kwa mara ya kwanza siku umeme utakapokatika, pengine asubuhi ya mtihani. Ni heri tulijaribu wenyewe siku tuliyoichagua.

Tumechagua Jumatano, saa kumi na nusu alfajiri. Jumatatu haifai kwa sababu ya vipindi vya kwanza vya wiki. Ijumaa haifai kwa kuwa seva ikigoma kuamka italala hadi Jumatatu, na Jumamosi ya mwisho wa mwezi watu wako kwenye umuganda. Alfajiri inafaa kuliko saa nane za usiku, maana ikigoma, mtu wa kwanza kufika ofisini atagundua baada ya saa chache na atakuwa na siku nzima ya kazi ya kutafuta msaada.

`unattended-upgrades` ina uwezo wake wa kuwasha upya, ambao kwa kawaida umezimwa. Huweza kupewa saa, ila haiwezi kupewa siku ya wiki ya kuwasha. Kwa hiyo tunaiacha hivyo na kuandika mstari mmoja katika faili `/etc/cron.d/washa-upya`:

```
30 4 * * 3 root [ -f /var/run/reboot-required ] && [ ! -f /etc/mitihani ] && /sbin/shutdown -r +5
```

Maana yake ni hii: kila Jumatano saa 04:30, ikiwa alama ya kuhitaji kuwashwa ipo, na ikiwa faili la `/etc/mitihani` halipo, washa upya baada ya dakika tano. Faili hilo la pili tumelibuni wenyewe. Wiki ya mitihani ikikaribia tunaliunda kwa `sudo touch /etc/mitihani`, na mitihani ikiisha tunalifuta. Masasisho huendelea kuwekwa usiku. Ni kuwasha upya tu kunakoahirishwa. Kama kiini kina kasoro ambayo tayari inatumiwa na wahalifu, hatungoji Jumatano. Tunawatangazia wanafunzi na kuwasha jioni ileile.

Kabla ya kuuamini mstari huo, seva iwashwe upya mara moja mchana, watu wakiwapo. Huduma iliyowahi kuwashwa kwa mkono, isiyoandikishwa kujiwasha, haitarudi yenyewe. Diski iliyofungwa kwa nywila nayo itasimama ikingoja mtu aiandike, kwenye skrini ambayo hatukuiunganisha. Seva ya namna hiyo isipewe kabisa ratiba ya alfajiri.

Mara moja kwa mwezi tunafungua `/var/log/unattended-upgrades/unattended-upgrades.log` na kutazama tarehe ya mwisho. Ikiwa ni ya majuma mawili yaliyopita, huenda diski imejaa. Lakini tarehe ya jana nayo si uthibitisho kamili. Moodle yetu ilipakuliwa moja kwa moja kutoka kwa watengenezaji wake, haikutoka katika ghala la Ubuntu, kwa hiyo masasisho haya hayaigusi, na tunaisasisha kwa mkono wakati wa likizo. Vilevile, huduma ya kawaida ya Ubuntu 20.04 ilikwisha Mei 2025. Seva iliyobaki na toleo hilo bila mkataba wa nyongeza huamka kila usiku, hutafuta viraka, haikuti kitu, na huandika katika kumbukumbu zake kwamba kazi imekamilika.