Feni Inazunguka, Joto Halitoki

Njombe mjini ni zaidi ya meta 1,900 juu ya usawa wa bahari, na Julai usiku blanketi moja halitoshi. Jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa watu wanaliogopa, na wana haki ya kuliogopa. Mwenye umeme hununua hita ya feni, ile ndogo ya plastiki yenye wati 2,000, akaiweka miguuni.

Mama mmoja tunayepanga naye nyumba moja alinigongea usiku wa saa mbili. Nilipomwamkia, aliitikia marahaba kwa haraka. "Mwanangu, njoo uone. Mimi nataka moto, hiki kidude kinanipepea."

Kabla ya kushika bisibisi nilimwomba azime friji, televisheni na taa zote, kisha nikaenda kutazama mita ya LUKU. Kwenye mita nyingi kuna kitaa chekundu kidogo kinachomweka kadiri umeme unavyotumika, na pembeni yake pameandikwa 1000 imp/kWh au namba nyingine. Kwa mita ya 1000, hita ya wati 2,000 inayofanya kazi sawasawa hukifanya kitaa kimweke kila baada ya sekunde mbili hivi. Feni peke yake hula wati ishirini au zaidi kidogo, kwa hiyo unaweza kungoja dakika mbili tatu ndipo kimweke mara moja. Nilisimama pale dakika nzima na hakikumweka. Koili zilikuwa hazipati umeme kabisa.

Nilianza na yaliyo mepesi. Swichi ya hita ina nafasi ya feni tupu, iliyochorwa pangaboi, na wengi huiacha hapo bila kujua. Yake ilikuwa kwenye namba II. Kitasa cha thamostati nilikizungusha hadi mwisho, kwa sababu kikiwa chini hita hudhani chumba kimeshapata joto. Bado baridi. Nikachomoa plagi, nikamwambia tungoje nusu saa.

Tulipoichomeka tena, joto likatoka. Mama akafurahi. Dakika saba baadaye ikarudi kupepea.

Hapo hita ilikuwa inasema jambo moja waziwazi: ninaunguza tumbo langu mwenyewe. Karibu na koili kuna kikata joto, kipande cha bati la metali mbili kinachojipinda kikipata moto mwingi na kukata njia ya umeme. Katika hita nyingine hujirudisha chenyewe kikipoa, katika nyingine mpaka uchomoe plagi kwanza. Kazi yake ni kuzuia plastiki isiyeyuke. Kikikata kila mara, usikilaumu. Tafuta kwa nini hewa haipiti. Kwa mama yule wavu wa nyuma ulikuwa umezibwa na manyoya ya blanketi mpaka umekuwa kama zulia. Nilimwambia ausafishe kwa brashi kavu, nami nikaenda kulala.

Hakuusafisha. Wiki mbili baadaye hita ilirudi mikononi mwangu, na safari hii hata kungoja saa nzima hakukusaidia.

Nikachukua mita ya kupimia, nikaiweka kwenye omu. Plagi ilikuwa nje ya soketi, na hilo halina mjadala. Nikagusa pini mbili za umeme za plagi huku swichi ya hita ikiwa imewashwa na hita imesimama wima. Hita nzima ya wati 2,000 kwa volti 230 husoma karibu omu 26 kwenye namba II, na karibu omu 53 kwenye namba I, ambapo koili moja tu ndiyo inayofanya kazi. Mimi nilipata mamia ya omu, na namba I na II zilisoma sawasawa. Hiyo ilikuwa mota ya feni peke yake.

Fundi mwenye haraka angesema koili zimekufa. Lakini koili mbili hazifi siku moja. Ikikatika moja, hita hupunguza joto: namba I itakuwa baridi na II vuguvugu, au I na II zitakuwa na joto lilelile. Zikinyamaza zote pamoja, tafuta kitu zinachochangia. Nilifungua skrubu, nikapima koili zenyewe, kila moja ikasoma karibu omu 53. Nikapima kikata joto, kizima. Jirani yake palikuwa na fyuzi ya joto, kisilinda kidogo cha chuma kama punje ya karanga, na hiyo haikusoma chochote.

Fyuzi hii, tofauti na kikata joto, hufa mara moja na hairudi. Juu yake huandikwa joto la kukatika na ampea, kwa mfano 142°C na 10A, na mpya lazima iwe na namba zilezile. Usiichome kwa risasi ya kulehemu, maana moto wa chuma cha kulehemu huiua kabla hujaitumia. Waya zake hubanwa kwa kiungio cha chuma. Mafundi wengine huitoa na kufunga dairekti kwa kipande cha waya. Joto litatoka, ndiyo. Siku feni ikikwama usiku watu wamelala, hakuna kitakachozima koili isipokuwa moto wenyewe. Fundi wa hivyo simpelekei hata pasi.

Kabla ya kufunga nilisukuma pangaboi kwa kidole. Lilikuwa zito, nywele zimejisokota kwenye ekseli. Hicho ndicho kilichoua fyuzi.

Kama hita ingekuwa kimya kabisa, hata feni haizunguki, ningeangalia kwanza kitufe kilicho chini ya kitako chake. Hicho huzima hita ikianguka. Kwenye zulia nene au sakafu yenye mabonde hakibonyezeki vizuri, na mtu hudhani hita imeharibika. Iweke juu ya sakafu tupu, inyanyue na kuishusha taratibu usikilize mlio wake. Ukikibonyeza, mita isome karibu na sifuri. Usikibane kwa gundi.

Breka kukata ni habari nyingine, na muda ndio unaosema. Hita ya wati 2,000 huvuta karibu ampea 9. Ukiongeza birika la umeme la ukubwa huohuo kwenye breka ya ampea 16, mzigo unapita kidogo kiwango chake: inaweza kuvumilia muda mrefu, na ikianguka baadaye, hita haina kosa. Ikianguka papo hapo unapowasha, kuna waya zimegusana. Na kama inayoanguka ni ile breka kubwa yenye kitufe kilichoandikwa T, umeme unavuja kwenda mahali pasipotakiwa, mara nyingi kwa unyevu au koili iliyogusa bodi ya chuma. Hiyo usiirudishe tena na tena.

Hita ya mama ilipopona alilalamika kwamba saa mbili usiku inachoka. Nilirudi kwenye kitaa cha LUKU: kilimweka kila sekunde tatu na nusu. Nikapima soketi, volti 165. Plagi haikuwa ya moto wala hakukuwa na ekstensheni nyembamba, kwa hiyo tatizo lilitoka nje ya nyumba. Umeme ukishuka kutoka 230 hadi 165, wati 2,000 hubaki kama 1,000 tu, kwa sababu volti ikipungua, mkondo nao hupungua. Hilo hakuna fundi wa hita atakayelitengeneza. Ni la kuripoti TANESCO, ukitaja saa na volti ulizosoma.